Barua pepe ya kazini na ya chuo katika simu moja: ziingie kila baada ya muda gani, na zilie saa ngapi

*Ndugu mtaalamu, mimi ni mhasibu wa shirika dogo hapa Kigoma mjini, na jioni nasoma shahada ya uzamili kwa masafa. Nina simu ya Android na bando dogo la wiki. Nilijaribu kuweka barua pepe ya kazini na ya chuo kwenye simu hiyo. Za chuo zililia hadi usiku wa manane, na za kazini zikawa zinakuja kwa mafungu, wakati mkurugenzi ameshanipigia kuuliza. Nikaziondoa zote mbili. Pia huwa nasafiri kwa boti kwenda Buhingu na Kalya. Nipange vipi?*

Ndugu mhasibu,

Akaunti hizo mbili zilitenda tofauti kwa sababu barua zake hazifiki kwenye simu kwa njia moja. Vyuo vingi vimeweka barua pepe zao kwa Google, na kwa akaunti ya aina hiyo seva yenyewe huiamsha simu mara tu barua inapoingia, hata kama hujaigusa simu tangu asubuhi. Barua pepe ya shirika dogo, kwa upande mwingine, mara nyingi hukaa kwenye seva ya kampuni inayowahifadhia tovuti, na hiyo haimwamshi mtu. Ni kama sanduku la posta: barua imo ndani tangu saa mbili, lakini utaijua siku na saa utakayokwenda kufungua. Kwa hiyo swali la kila baada ya muda gani simu isawazishe linaihusu akaunti ya kazini peke yake, na swali la saa ngapi simu ilie linazihusu zote mbili. Haya ni mambo mawili yanayopangwa mahali pawili tofauti, na usumbufu ulioupata umetokana na kuyaacha yote mawili kama ulivyoyakuta kwenye simu.

Kabla ya kuongeza chochote, hakikisha kila akaunti iko upande gani. Fungua barua zako kwenye kompyuta kupitia kivinjari na utazame ukurasa unaokuja. Ukiwa ni ule wa Gmail, hiyo ni akaunti ya Google, hata kama anwani yake inaishia na jina la chuo na `.ac.tz`. Ukiwa ni wa Outlook, shirika linatumia Microsoft, na kwenye simu utachagua `Exchange and Office 365`, ambayo nayo huamshwa na seva. Ukiona jina Roundcube, au ukurasa wa kawaida wenye jina la kampuni ya kuhifadhi tovuti, basi ni akaunti ya IMAP, yaani ile ya sanduku la posta isiyoiamsha simu. Kwa namna ulivyoeleza barua za kazini kuja kwa mafungu, nitakujibu nikichukulia kwamba ya kazini ni IMAP na ya chuo ni ya Google. Majina ya vitufe nitayaandika kama yanavyosomeka simu ikiwa katika Kiingereza.

Anza na ya kazini, kwa kuwa ndiyo yenye kazi. Fungua programu ya Gmail, gusa picha au herufi iliyo kwenye kona ya juu kulia, kisha `Add another account`, halafu `Other`. Andika anwani yako kamili, na ukiulizwa aina ya akaunti chagua `Personal (IMAP)`. Usichague `Personal (POP3)` hata kama mtu wa ofisini atakuambia kwamba yote ni sawa. POP3 hupakua barua kutoka kwenye kasha la kuingilia tu, hivyo majibu utakayoandika ukiwa kwenye boti hayataonekana kwenye kompyuta ya ofisini, na ikipangwa vibaya inaweza kuziondoa barua kwenye seva baada ya kuzipakua. Kwa mhasibu, ambaye barua ya mwaka jana inaweza kuwa ndiyo ushahidi wa malipo, hilo halifai kabisa.

Baada ya nenosiri, simu itaomba majina ya seva ya kupokea na ya kutuma. Mwombe anayesimamia tovuti ya shirika akupatie, na yatafanana na haya:

```
Kupokea (IMAP):  mail.jinalenu.or.tz   993   SSL/TLS
Kutuma  (SMTP):  mail.jinalenu.or.tz   465   SSL/TLS
```

Seva nyingine hutuma kwa poti `587` yenye `STARTTLS`, na hiyo pia ni salama. Kwenye sehemu ya `Username` weka anwani nzima, pamoja na alama ya `@` na kinachoifuata, si jina lako tu. Seva nyingi za namna hii hukataa jina pekee, na wengi hudhani wamekosea nenosiri. Ukikataliwa mara mbili, simama. Seva nyingi hufunga mlango kwa muda baada ya majaribio kadhaa yaliyoshindikana, na ukiendelea kubahatisha unaweza kuwafungia hata wenzako wanaotumia mtandao huo huo wa ofisi.

Simu ikikuonya kwamba cheti cha usalama cha seva hakiaminiki, usikubali kuendelea kwa sababu tu una haraka. Angalia kwanza tarehe na saa ya simu, maana simu iliyozimika chaji ikawaka na tarehe ya zamani hutoa onyo hilo hilo. Kama tarehe ni sahihi, kwa kawaida tatizo ni kwamba cheti kimeandikwa kwa jina jingine la seva, pengine lile la kampuni inayohifadhi tovuti. Dawa yake ni kuwauliza jina sahihi na kuliandika hilo. Kuchagua `None` kwenye usalama kutaondoa onyo, lakini nenosiri lako litapita wazi kwenye kila mtandao wa nyumba ya wageni utakaolala.

Mwishoni mwa hatua hizo utakutana na ukurasa wenye `Sync frequency`, na hapa ndipo panapostahili kufikiriwa. Utapewa kila dakika 15, kila dakika 30, kila saa, au `Never`, yaani mpaka utakapoivuta mwenyewe. Ukichagua dakika 15, simu itakwenda kuuliza mara 96 kwa siku. Ukichagua saa moja, mara 24. Watu huogopa dakika 15 kwa sababu ya bando, na hofu hiyo haina msingi mkubwa: kuuliza tu, pasipo barua mpya, hula kilobaiti chache, hivyo siku nzima ya kuuliza hula takribani megabaiti moja au pungufu. Kinachomaliza bando ni viambatisho. Hati moja ya malipo iliyopigwa picha kwa skana inaweza kuzidi kuuliza kwa wiki nzima. Kwa hiyo pale panapotajwa kupakua viambatisho, acha alama kwenye kile kinachosema vipakuliwe simu ikiwa kwenye Wi-Fi tu. Ukiwa kwenye bando utagusa mwenyewe kile unachokihitaji.

Gharama halisi ya dakika 15 ni chaji, na chaji hiyo inategemea mahali ulipo. Kila simu inapouliza huamsha redio yake ya mtandao, na redio hiyo hubaki macho kwa sekunde kadhaa baada ya kazi kwisha. Mjini Kigoma, mnara ukiwa karibu, redio hutumia nguvu kidogo na hutaona tofauti kubwa. Ukiwa ziwani, au kwenye kijiji ambacho mtandao unakuja na kupotea, redio hupaza nguvu ili iufikie mnara wa mbali, na kila jaribio linaloshindikana hurudiwa. Huko ndiko dakika 15 inakoweza kukumalizia betri kabla ya jioni.

Kipimo ninachokipendekeza ni kujiuliza barua inaweza kukaa muda gani bila kusomwa kabla haijaleta hasara. Kwa wastani barua hungoja nusu ya muda uliouchagua: ukiweka dakika 15 itangoja kama dakika saba na nusu, ukiweka saa moja itangoja kama nusu saa, na kwa bahati mbaya kabisa itangoja saa nzima. Kazi yako ina maombi ya malipo ambayo yanapaswa kuidhinishwa kabla benki haijafunga. Kuchelewa dakika 15 hakumuumizi mtu. Kuchelewa saa nzima mchana kunaweza kuyasogeza malipo hadi kesho. Kwa siku za mjini, weka dakika 15.

Hata hivyo dakika 15 uliyoiandika si lazima iwe dakika 15 utakayoipata, na naamini hii ndiyo sababu ya yale mafungu. Tangu Android 6, iliyotoka mwaka 2015, simu iliyolala mezani bila kuguswa, skrini ikiwa imezimika na haipo kwenye chaji, huingia katika usingizi mzito. Katika usingizi huo kazi za kusawazisha huahirishwa na kuruhusiwa kwa pamoja katika vipindi vifupi, na kadiri simu inavyoendelea kulala ndivyo vipindi hivyo vinavyozidi kuachana. Barua za akaunti ya Google hupenya kwa sababu Google ina njia yake ya kuiamsha simu. Barua za IMAP hazina njia hiyo. Ndiyo maana uliiacha simu mezani, ukaiinua, na barua nne za kazini zikaingia kwa mkupuo. Baadhi ya watengenezaji wa simu wameongeza ukali wao wenyewe juu ya huo, kwa programu za kutunza betri zinazofunga kila kitu ambacho hujakifungua karibuni.

Unaweza kulithibitisha hili kwa jaribio dogo. Kutoka akaunti ya chuo, ukitumia kompyuta, tuma barua kwenda akaunti ya kazini na uandike saa. Iache simu imelala kwa zaidi ya nusu saa, kisha iwashe. Kama barua haijaingia, fungua Gmail, nenda kwenye akaunti ya kazini, na uvute orodha kuelekea chini kwa kidole. Ikiingia papo hapo, basi seva ni nzima, mtandao ni mzima, na aliyechelewesha ni usingizi wa simu. Isipoingia hata baada ya kuvuta, itafute kupitia kivinjari: ikiwa ipo huko, kagua nenosiri na majina ya seva kwenye simu, ikiwa haipo hata huko, basi imechelewa au imezuiliwa kabla ya kufika, na hakuna mpangilio wa simu utakaoisaidia. Umwambie msimamizi wa tovuti.

Ukishajua kwamba ni usingizi, nenda kwenye `Settings`, kisha `Apps`, chagua Gmail, fungua `Battery`, na uweke `Unrestricted` badala ya `Optimized`. Kama simu yako ina programu ya mtengenezaji yenye orodha ya programu zinazoruhusiwa kujiwasha, iruhusu Gmail humo pia. Hakikisha vilevile kwamba `Battery Saver` na `Data Saver` hazikuachwa zimewashwa, kwa kuwa zote mbili huzuia kazi za nyuma ya pazia. Kwenye `Data Saver` unaweza kuiruhusu Gmail peke yake na kuendelea kuzibana programu nyingine. Baada ya hapo ucheleweshaji utapungua sana, ingawa usiku bado utauona kidogo, na usiku hilo halikudhuru.

Kama hata hivyo kazi yako inadai barua ijulikane dakika ile ile inapofika, programu ya Gmail haitakufikisha huko kwa akaunti ya IMAP, maana yenyewe huuliza kwa vipindi tu. Programu za K-9 Mail na Thunderbird ya Android zinaweza kuacha mawasiliano wazi kati ya simu na seva, ili seva iseme mara barua inapoingia, mradi seva yenu inakubali utaratibu huo. Zina pia `Quiet Time`, ambayo huzima arifa kati ya saa utakazozitaja. Ubaya wake ni kwamba mawasiliano hayo yakikatika katika mtandao dhaifu, simu huyafungua upya tena na tena, na kwa anayesafiri ziwani hilo ni mzigo. Kwa hali uliyoieleza ningebaki na Gmail.

Akaunti ya chuo haina mengi. Gusa tena `Add another account`, chagua `Google`, na uingie kwa anwani ya chuo. Huenda ukapelekwa kwenye ukurasa wa chuo chenyewe au ukaombwa namba ya uthibitisho. Jambo moja tu lisome kwa makini: kama simu itasema kwamba chuo kinataka kusimamia kifaa, soma ni mamlaka gani kinaomba. Baadhi ya taasisi huhitaji tu uwe na namba ya siri ya kufungulia skrini. Nyingine hutenga eneo la kazi ndani ya simu na zinaweza kulifuta zikiwa mbali. Nyingine huomba uwezo wa kufuta simu nzima. Ukikutana na hilo la mwisho kwenye simu uliyoinunua kwa fedha zako, iliyo na picha za wanao, ni haki yako kukataa na kuendelea kusoma barua za chuo kupitia kivinjari.

Kwenye akaunti hii hutaona chaguo la dakika. Utakachokiona ni `Days of emails to sync`, yaani barua za siku ngapi zilizopita zihifadhiwe kwenye simu, na kwa kawaida ni 30. Ziache hizo, kwa sababu ndizo utakazoweza kuzisoma ziwani bila mtandao wowote.

Sasa tuje kwenye kulia kwa simu. Katika mipangilio ya Gmail, gusa akaunti ya chuo, fungua `Notifications`, na badala ya `All` chagua `High priority only`. Gmail itakuita kwa barua inazoziona kuwa ni za muhimu kwako, na matangazo ya jumla yanayotumwa kwa wanafunzi wote yataingia kimya. Wiki ya kwanza itakosea hapa na pale. Mwalimu wako akiangukia upande wa kimya, fungua barua yake na uiwekee alama ya `Mark as important`, nayo itajifunza. Kwenye akaunti ya kazini kwa kawaida hakuna uchambuzi huo, kwa hiyo iache ilie kwa kila barua, lakini ipe mlio wake tofauti ili ujue kwa sikio ni ipi inayoita: kwenye ukurasa wa arifa za Gmail ndani ya `Settings` ya simu, kila akaunti ina sehemu yake.

Usiku uachie `Do Not Disturb`, kwa sababu yenyewe hunyamazisha akaunti zote kwa pamoja na haizuii barua kuingia. Ifungue, nenda kwenye `Schedules`, na uweke muda. Kwa mtu anayesoma jioni ningeanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na kwenye simu utaandika `22:00` na `06:30`. Lizingatie sana hilo, kwani anayeandika `04:00` akikusudia saa nne usiku hupata simu inayonyamaza alfajiri na kulia usiku kucha. Kisha ruhusu simu za watu unaowachagua, akiwamo mkurugenzi na wa nyumbani, ili mwenye dharura ya kweli akupigie. Mwambie pia mkurugenzi kwamba baada ya saa nne barua pepe haitakufikia hadi asubuhi, na jambo la haraka alipitishe kwa simu.

Tuchukue safari ya Kalya kama mfano. Jioni ya kabla ya safari, ukiwa kwenye Wi-Fi ya ofisi, ivute akaunti ya kazini na ufungue kila barua unayodhani utaihitaji, pamoja na viambatisho vyake, na hati zile ambazo huwezi kuzikosa uzihifadhi kabisa kwenye simu. Kisha badilisha `Sync frequency` ya kazini iwe `Never`. Ukiwa kwenye boti unaweza kusoma na kuandika majibu. Yakishatumwa bila mtandao hukaa kwenye `Outbox` na kungoja. Ukifika mahali penye mtandao, vuta mara moja asubuhi, mara moja mchana kabla benki haijafunga, na mara moja jioni, na kila mara utazame kama `Outbox` imebaki tupu, maana jibu lenye kiambatisho kizito linaweza kukwama humo siku nzima nawe ukiamini limekwenda. Akaunti ya chuo iache ilivyo: haiulizi chochote, na hula chaji kidogo mno. Ukirudi Kigoma, kitu cha kwanza rudisha dakika 15, kwa sababu akaunti iliyosahauliwa kwenye `Never` haitoi onyo lolote. Itanyamaza tu, nawe utaona kama siku hiyo hakuna aliyekuandikia.

Na siku ofisi itakapobadilisha nenosiri la barua pepe, libadilishe kwenye simu siku hiyo hiyo. Simu itaendelea kuuliza kila dakika 15 kwa nenosiri la zamani, seva itayahesabu hayo kama majaribio ya mwizi, na inaweza kuifunga akaunti yako hata kwenye kompyuta ya ofisini.